Masikio, Jua na Kigaga Kinachorudi: Mwongozo kwa Watu Wenye Ualbino na Jamaa Zao

Mtu mwenye ualbino akienda kupimwa ngozi, mara nyingi hutazamwa uso, shingo na mikono. Kofia hubaki kichwani, au mtandio hubaki umefungwa, na masikio hupitwa tu. Nyumbani ni vivyo hivyo. Losheni huanza kwenye paji la uso, hushuka mashavuni na puani, na ikifika shingoni mkono umeshakauka. Hivyo sikio hupata jua jingi, losheni kidogo, na macho machache kuliko sehemu nyingine yoyote ya kichwa.

Kwa jinsi sikio lilivyoumbwa, uzembe huo una gharama. Likamate sikio lako kwa vidole viwili pale juu kwenye ukingo. Utahisi ngozi nyembamba, kisha gegedu papo hapo. Shavu lina mafuta na misuli chini ya ngozi, lakini ukingo wa sikio karibu hauna kitu cha namna hiyo. Saratani inayoanzia kwenye tabaka la juu la ngozi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi watu wenye ualbino barani Afrika, ikitokea shavuni ina masafa ya kupita kabla ya kugusa kitu kigumu. Ikitokea kwenye ukingo wa sikio, masafa hayo ni milimita chache tu. Ndiyo maana madaktari huhesabu sikio, pamoja na mdomo, kuwa mahali pa hatari zaidi: uvimbe wa hapo hurudi baada ya kukatwa, na husambaa hadi kwenye tezi, mara nyingi zaidi kuliko uvimbe wa ukubwa uleule ulioota kwingine kwenye ngozi.

Ngozi ya mtu mwenye ualbino ina melanini kidogo sana au haina kabisa. Melanini ndiyo rangi inayopunguza makali ya miale ya urujuanimno kabla haijafika kwenye seli. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti uliowaangalia watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, na ulionyesha kwamba madhara ya jua kwenye ngozi huanza utotoni kabisa. Kwa hiyo sikio linaloota kidonda katika umri wa miaka 28 limekuwa likiungua tangu mwenyewe akiwa anabebwa mgongoni.

Na hapo mgongoni pana jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Mtoto akilala mgongoni kwa mama, kichwa hukaa upande. Sikio moja hugusa mgongo wa mama, na la pili huelekea juani safari nzima. Kofia ndogo ya sufi huwa imeshateleza. Mama akitupa kanga begani ikafunika kichwa cha mtoto hadi shingoni, huku pua na mdomo vikiwa wazi, tatizo hilo limekwisha bila kununua kitu. Mtoto aliye chini ya miezi 6 akingwe kwa kivuli na nguo. Losheni ingoje hadi akue.

Jua linalotoka pembeni

Ushauri tuliozoea kusikia ni kukwepa jua la saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ni ushauri mzuri kwa uso na mabega. Kwa sikio haujitoshelezi, kwa sababu ya upande ambao mwanga unatokea. Saa 6 mchana katika nchi zetu jua huwa juu ya utosi, na hata kofia ya wastani huliangushia sikio kivuli. Asubuhi na jioni jua husimama pembeni, likitazamana na sikio moja kwa moja. Anayetembea kuelekea kaskazini asubuhi hupigwa sikio la kulia. Akirudi kwa njia ileile jioni, jua liko magharibi na yeye ameshageuka, kwa hiyo ni sikio la kulia tena. Mwanafunzi anayekaa miaka mitatu kando ya dirisha lilelile huchomwa upande mmoja kwa namna hiyohiyo.

Saa ya ukutani nayo hutuongopea. Tanzania yote tunatumia saa moja, ila jua halijali. Dar es Salaam jua hufika juu kabisa karibu saa 6 na dakika 20 mchana. Mwanza ni karibu saa 7 kasoro dakika 10, na Kigoma ni karibu saa 7 kamili, ingawa hupishana kwa dakika kadhaa kutegemea mwezi. Maana yake ni kwamba jua la saa 10 jioni kule Kigoma liko juu sawa na la saa 4 asubuhi palepale. Anayeishi kanda ya magharibi na akavua kofia saa 10 kwa kuwa kipeperushi kimemruhusu, anavua mapema. Kwa huko ningesema ngoja hadi saa 11.

Sasa kofia. Kapelo, ile yenye ukingo wa mbele pekee, hufunika paji la uso na pua na kuyaacha masikio yote mawili nje. Baraghashia haina ukingo kabisa. Inayofaa ni pama, kofia yenye ukingo unaozunguka kichwa chote, na upana wa ukingo huo unaweza kuukadiria mwenyewe. Jua likiwa katikati ya upeo wa macho na utosi, kivuli cha ukingo hushuka chini kwa kadiri ileile ambayo ukingo unachomoza kupita sikio. Sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 6 na huchomoza takriban sentimita 2 kutoka kichwani. Chukulia kofia imekaa sentimita 2 juu ya sikio. Ukingo wa sentimita 5 utalipita sikio kwa sentimita 3 tu. Kivuli kitashuka sentimita 3, mbili zikaishia hewani, na sikio likapata sentimita moja. Ukingo wa sentimita 10 utashusha kivuli cha sentimita 8, nacho kitafika hadi kwenye ndewe. Tofauti ya sentimita 5 za kitambaa ndiyo tofauti ya sikio lililofunikwa na sikio lililoachwa.

Huhitaji rula ili kujua kama kofia yako inatosha. Simama nje saa 3 na nusu asubuhi, jua likiwa upande wa bega, na mtu akuangalie sikio. Kivuli kikiishia katikati ya sikio, kofia hiyo ni ya mchana tu. Angalia pia kama ukingo umelegea ukapinda juu, maana kofia nyingi hufanya hivyo zikifuliwa mara kadhaa. Za ukindu zilizosukwa kwa nafasi hupitisha vidoti vya mwanga. Zishonee kitambaa kwa ndani.

Mtandio, kanga na kitenge hulinda sikio vizuri kuliko kofia nyingi, kwa sharti kwamba zimeshushwa chini ya ndewe badala ya kupitishwa nyuma ya sikio. Kiinue kitambaa kwenye mwanga: ukiona umbo la mkono wako upande wa pili, kikunje mara mbili. Pamba nyepesi ikilowa jasho hupitisha mwanga zaidi kuliko ikiwa kavu. Kwa anayelima kwa jembe, akiwa ameinama, jua humpiga kisogoni na nyuma ya masikio, mahali ambapo hakuna kofia ya kawaida inayofika. Huyo anahitaji kitambaa kilichoshonewa nyuma ya kofia, kishuke hadi kwenye kola ya shati na kizunguke hadi kwenye mashavu.

Walimu wanalo lao hapa. Shule nyingi hutaka wanafunzi wanyoe nywele na wavue kofia wakati wa paredi. Nywele ni kivuli cha kwanza cha sikio. Mwanafunzi mwenye ualbino aliyenyolewa kipara kisha akasimamishwa uwanjani bila kofia amenyang'anywa kinga mbili asubuhi moja, na paredi hufanyika wakati uleule jua liko pembeni.

Losheni ianzie masikioni

Nguo hutangulia, losheni huziba pale nguo isipofika. Tafuta iliyoandikwa SPF 30 au zaidi, na inayoeleza kwamba inazuia miale ya aina zote mbili, UVA na UVB. Tanzania ina bahati ya kuwa na Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino na kugawiwa kwenye kliniki zao za ngozi. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hulainisha ngozi lakini hayazuii jua.

Mpangilio ninaoupendekeza ni kuanza na masikio, kabla ya uso, wakati kiganja bado kimejaa. Weka kiasi cha punje kubwa ya mbaazi kwa kila sikio. Vua miwani kwanza. Shika ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, uanzie pale juu unapoungana na kichwa, ushuke taratibu hadi kwenye ndewe. Kisha pitisha kidole nyuma ya sikio, ndani ya mkunjo wenyewe. Mwisho pitisha kwenye vibonde vya mbele na kwenye kile kinundu kidogo kinachofunika tundu. Ndani ya tundu usipake. Kwa kuwa wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na kioo hakiwasaidii sana, kujizoeza kwa kugusa kwa mpangilio uleule kila siku ni salama kuliko kutegemea macho.

Paka dakika 20 hadi 30 kabla ya kutoka, acha ikauke, ndipo uvae miwani na kofia. Rudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Sikio hupoteza losheni haraka: mkono wa miwani huikwangua, simu huifuta, na jasho la kichwani hupitia hapohapo. Anayeongea sana na simu ajue kwamba upande wa simu unahitaji kupakwa zaidi.

Kwa nini saratani ya sikio hupita bila kuonwa

Mwanzo wake haufanani na saratani ambayo watu wameizoea kwenye mabango. Katika ngozi ya mtu mwenye ualbino doa jeusi si la kusubiri, kwa sababu uvimbe wenyewe huwa wa waridi, mwekundu au wa rangi ya ngozi. Kinachotangulia mara nyingi ni kipande kidogo kikavu kwenye ukingo wa sikio, ambacho kidole hukihisi kabla ya jicho kukiona. Ukikipapasa kinakwaruza kama msasa. Vipande vya namna hiyo vingi havigeuki kuwa saratani, na baadhi hutoweka vikilindwa na jua. Lakini ndimo saratani huanzia, na hakuna awezaye kujua kwa macho ni kipi kitakachogeuka.

Tatizo ni kwamba mtu ambaye masikio yake yamekuwa na magamba tangu utotoni huyaona kuwa ndiyo ngozi yake. Anayabandua kwa kucha, yanatoa damu kidogo, yanakauka, yanarudi. Hayaumi. Mwenyewe hawezi kujiona ukingo wa nyuma hata kwa kioo, hasa akiwa na macho yanayochezacheza. Jamaa wanaoishi naye nao wameshazoea.

Kuna pia maelezo mengi ya karibu yanayoonekana kuwa kweli. Kidonda kiko pale mkono wa miwani unapokaa, basi ni miwani. Kiko kwenye ndewe, basi ni hereni. Kimetoa usaha, basi ni uambukizo, na dawa ya uambukizo inapotumika usaha hupungua kweli, kwa kuwa kidonda cha saratani nacho huingiwa na vijidudu. Nafuu hiyo ya wiki moja au mbili ndiyo inayowapoteza wengi. Kigaga kinadondoka, watu wanashukuru, kisha kinarudi kikiwa kipana zaidi.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 28 anayeanika dagaa mwaloni huko Ukerewe. Ni mfano nilioutunga, lakini kila hatua yake ni ya kawaida. Anavaa kapelo. Kila alasiri hugeuza dagaa akiwa ameelekea kaskazini, jua la magharibi likimpiga sikio la kushoto, na mchanga na maji vikirudisha mwanga mwingine kutoka chini ambako hata pama nzuri haizuii. Mwezi Februari anahisi ukwaru wa ukubwa wa punje ya mchele juu ya sikio. Aprili umekuwa kigaga. Duka la dawa wanampa krimu ya fangasi. Juni kigaga kinatoa usaha. Zahanati wanampa vidonge na bandeji, na kinapungua. Bandeji hiyo inakaa, inabadilishwa, na kwa wiki kadhaa hakuna anayetazama chini yake. Septemba kidonda kina sentimita 2, kitako chake ni kigumu, na kinauma usiku. Maumivu hayo huweza kuwa dalili kwamba gegedu imefikiwa. Desemba, anapofika hospitali ya rufaa, pana uvimbe mgumu mbele ya sikio, kwenye tezi.

Tazama milango iliyokuwa wazi. Februari, ukwaru ule ungeweza kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika kwa dakika chache, akarudi kazini. Aprili, sindano ya ganzi, kukatwa kipande cha pembetatu kwenye ukingo, na kushonwa. Sikio lingekuwa dogo kidogo, naye angelala nyumbani kwake. Desemba mazungumzo ni ya kuondoa sikio lote, kupasua tezi za mbele ya sikio na shingoni karibu na neva inayoendesha misuli ya uso, kisha mionzi katika hospitali kama Bugando au Taasisi ya Saratani Ocean Road, wiki nyingi mbali na nyumbani.

Katika mfano huu sioni mhudumu aliyekosea kwa kutoa dawa ya uambukizo mara moja. Kosa ni kuitoa mara ya pili kwa kidonda kilekile, mahali palepale, kwa mtu mwenye ualbino. Hapo kilichobaki ni kukata kinyama na kukipeleka maabara.

Ukaguzi wa mwezi

Ukaguzi wa masikio ufanywe na mtu mwingine, mara moja kwa mwezi. Kaeni mlangoni au kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, pasipo jua kali. Kofia, mtandio, miwani na hereni viondolewe. Nywele zilizosukwa ziinuliwe. Vigaga vilainishwe kwanza kwa maji safi ya uvuguvugu, kwa sababu chini ya kigaga ndipo kidonda kilipo. Visibanduliwe kwa nguvu.

Anza kwa vidole vilivyonawa. Fumba macho na upitishe vidole kwenye ukingo mzima wa sikio, kisha nyuma kwenye mkunjo, ukitafuta ukwaru, kinundu au ugumu ambao upande wa pili hauna. Ndipo utazame. Kidonda, kinundu kinachokua, kijipembe kigumu kilichochomoza, au mahali panapovuja damu bila kukwaruzwa, vyote viandikwe. Malizia kwa kupapasa mbele ya sikio, nyuma yake na chini ya pembe ya taya kutafuta tezi. Piga picha kwa simu, sarafu ikiwa kando ya sikio ili ukubwa upimike, na uzihifadhi picha kwa tarehe. Mwezi ujao hutategemea kumbukumbu. Vinyozi na wasusi huyaona masikio ya watu kwa karibu kuliko daktari yeyote. Mwambie wako akutajie akiona kitu.

Ukwaru mpya usio na kidonda upelekwe kwenye kliniki ya ngozi inayofuata. Kidonda chochote cha sikio ambacho hakijapona kwa wiki 4, au kilichopona kikarudi mahali palepale, kisingoje kliniki. Nenda hospitali yenye uwezo wa kukata kinyama. Kinundu kinachoonekana kukua ndani ya wiki chache, au tezi iliyovimba karibu na sikio lenye kidonda, ni safari ya wiki hii. Kwa wagonjwa wa kaskazini, KCMC ya Moshi ina kituo kikubwa cha magonjwa ya ngozi na hushughulika na ualbino kila siku.

Ukifika, vua kofia kabla hujaambiwa. Sema kwa maneno haya: "Kidonda hiki kina wiki kadhaa, kimeshatibiwa kwa dawa hii, na nina ualbino. Naomba kipimwe kama ni saratani." Onyesha picha zako. Kinyama kikikatwa, uliza siku ya majibu na namba ya simu ya kuulizia, kwa kuwa majibu mengi hufika hospitali na mgonjwa hajui. Uvimbe ukiondolewa wote, uliza swali moja: je, maabara imeona kingo safi? Kama kingo si safi, mabaki yamo sikioni hata kama mshono umependeza, na kukatwa tena mapema ni rahisi kuliko kusubiri kirudi.

Aliyewahi kuwa na saratani ya sikio moja ana hatari kubwa ya kupata nyingine, sikio lilelile au la pili, kwa sababu yote mawili yamepigwa na jua lilelile. Aonwe na mtaalamu kila miezi 3 kwa miaka miwili ya mwanzo, tezi zikipapaswa kila mara, kisha kadiri atakavyoelekezwa. Kama sehemu ya juu ya sikio imeondolewa, mkono wa miwani hautakuwa na pa kukaa, na wengi huacha kuivaa, jambo linalowaumiza macho. Fundi wa miwani anaweza kufunga mpira mwembamba unaozunguka kisogo. Muombe aufunge juu ya kovu, usilikwaruze, na kovu lenyewe lipakwe losheni kila siku kama sikio lingekuwapo.